Chafya za kila alfajiri: ni mafua ya kawaida au ni mzio wa pua?

FundiNgamiani

Wanajamvi, salaam. Mke wangu amekulia Lushoto, na tulipooana akahamia hapa Tanga mjini, katika nyumba ya wazazi wangu Ngamiani. Tangu masika yalipoanza, kila anapoamka alfajiri hupiga chafya mfululizo hadi machozi yanamtoka, kamasi jepesi linachuruzika, na pua inaziba upande huu kisha upande ule. Ikifika saa nne asubuhi hutulia, na jioni huwa mzima kabisa. Homa hana. Amekwisha kutumia vidonge vya mafua vya dukani, na zaidi ya mara moja ameandikiwa amoksilini, lakini hali ni ileile. Mama anasema ni baridi ya alfajiri, jirani anasema ni mzio. Naomba kujua mambo mawili: mtu anatofautishaje mafua na mzio wa pua, na ikiwa ni mzio, matibabu huanzia wapi?

MzeeWaChumbageni

Bwana Fundi, hayo ni mafua ya mabadiliko ya upepo. Sisi tuliozaliwa hapa tunajua kwamba kaskazi inapoondoka na kusi kuingia, nusu ya mji hupiga chafya. Mtu aliyetoka milimani hajazoea. Mpe chai ya tangawizi, ajifunike vizuri usiku, na kamasi likigeuka kijani basi amalize dozi ya antibiotiki badala ya kuiacha katikati, kwa sababu huenda hapo ndipo tatizo lilipo.

BiMkunga

Mwanangu Fundi, kabla hatujakuandikia dawa, tujibu maswali machache. Je, anawashwa? Nauliza kuhusu pua yenyewe, macho, na hasa kaakaa, ile sehemu ya juu ndani ya kinywa ambayo mtu huikuna kwa ulimi. Je, koo lilimuuma mwanzoni, mwili ukachoka, kisha ndipo kamasi likaanza? Akienda kwao Lushoto huwaje? Na je, katika ukoo wake kuna mwenye pumu au ukurutu? Mwisho, nisamehe kwa kuuliza hadharani, lakini ni lazima: ana ujauzito? Mimba peke yake huweza kuziba pua kwa miezi, ingawa kwa kawaida haileti muwasho.

FundiNgamiani

Shikamoo Bi Mkunga. Ujauzito hana, amepimwa. Kuhusu kuwashwa, umegusa penyewe: huyafikicha macho mpaka yanakuwa mekundu, na ile tabia ya kukuna kaakaa kwa ulimi na kutoa sauti ya ajabu ninaisikia kila siku nikidhani ni mchezo wake. Koo halijapata kumuuma. Kaka yake ana pumu. Alipokwenda Lushoto kwenye msiba wa babu yake, alikaa karibu wiki nzima bila chafya hata moja, na usiku wa kwanza aliporudi zikaanza upya.

TabibuMstaafu

Kwa maelezo hayo, Bwana Fundi, ningeweka mzio mbele na mafua nyuma sana. Nieleze kwa nini, kwa sababu watu wengi huangalia kamasi na kusahau kalenda.

Mafua ya kawaida husababishwa na virusi, na virusi vina safari yenye mwanzo na mwisho. Siku moja hadi tatu baada ya kuambukizwa, koo huanza kukereketa, mwili unakuwa mzito, kisha kamasi linaanza kuchuruzika. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Baadaye kamasi huwa zito, na ndani ya siku saba hadi kumi mtu mzima huwa amepona, ingawa kikohozi kinaweza kubaki nyuma. Jambo la muhimu ni kwamba mafua hayaondoki saa nne asubuhi na kurudi alfajiri. Mwenye mafua ana mafua mchana na usiku mpaka yaishe.

Mzio hauna safari hiyo. Wenyewe una mahali na saa. Unaanza dakika chache baada ya mtu kukutana na kitu kinachomsumbua, unapungua akikiacha, na unaweza kurudi hivyo kwa miezi. Homa hauleti. Chafya huja kwa mkururo, kamasi hubaki jepesi na lisilo na rangi, na muwasho ndio ushahidi wenye uzito kuliko wote. Mwenye mafua anaweza kupiga chafya sana, lakini ni nadra kumkuta anakuna kaakaa.

Kwa hiyo swali langu linalofuata halihusu pua yake hata kidogo. Analalia nini?

FundiNgamiani

Godoro la usufi na mito ya usufi. Ni vya siku nyingi, marehemu bibi ndiye aliyevishona, kwa usufi wa kutoka Muheza.

MkongeAsilia

Ndugu zangu, mimi nina habari inayofanana na hii ila chanzo ni tofauti. Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha mkonge, katika chumba cha kusugulia nyuzi, mahali ambapo vumbi lake huelea mpaka huoni mlango. Kila Jumatatu nilirudi nyumbani nikiwa na pua iliyoziba na kifua kinachobana, na nikienda likizo ninapona. Nilitibiwa mafua muda mrefu sana. Nilipohamishiwa kwenye mizani, nje ya vumbi, mambo yakatulia bila dawa yoyote. Kwa hiyo namshauri Fundi aangalie kama mkewe anafanya kazi yenye vumbi kabla ya kulaumu godoro la marehemu bibi.

TabibuMstaafu

Ndugu Mkonge, habari yako ina faida, lakini soma saa zake vizuri. Wewe uliumwa kutokana na kazi na ukapona ukiwa nyumbani. Mke wa Fundi anaumwa akitoka kitandani na anapona mchana. Saa za kila mmoja zinaelekeza kwenye chanzo chake. Isitoshe, vumbi la mkonge likiwa jingi kiasi hicho humuudhi hata mtu asiye na mzio, na kile kifua kubana siku ya kwanza baada ya mapumziko kinajulikana kwa wafanyakazi wa nyuzi. Hilo lilistahili kupimwa kifua, si pua peke yake.

MzeeWaChumbageni

Tabibu, tumelalia usufi tangu enzi za babu zetu na hatukuwa na mizio. Leo godoro limekuwa mshitakiwa! Na hujajibu kuhusu kamasi la kijani. Mwanangu mimi alipona siku ya tatu ya antibiotiki.

TabibuMstaafu

Mzee wangu, shikamoo. Tuanze na kijani. Rangi ile hutokana na chembe za ulinzi za mwili wenyewe zinazokusanyika kwenye kamasi, na hutokea katika mafua ya virusi ya kawaida kabisa kuanzia siku ya tatu au ya nne. Peke yake si ishara ya bakteria. Mwanao huenda alipona siku ya tatu ya dawa kwa sababu ilikuwa siku ya saba ya mafua. Ninachokitafuta mimi ni mgonjwa ambaye mafua yamepita siku kumi bila nafuu, au yule aliyepata nafuu kisha siku ya tano au ya sita akaanguka upya kwa homa na maumivu makali ya uso. Huyo naweza kumfikiria antibiotiki.

Sasa usufi. Nyuzi zenyewe si mshitakiwa mkuu. Tatizo ni utitiri wa vumbi, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, ambao hula magamba ya ngozi yetu na huishi vizuri penye joto na unyevu. Pwani yetu ina vyote viwili, na masika yanaongeza. Kinachomsumbua mtu si mdudu mwenyewe zaidi ya kinyesi chake, ambacho hubaki ndani ya godoro la zamani na huingia puani mtu anapogeuka usiku na anapokung'uta shuka asubuhi. Babu zetu walilalia usufi, ni kweli, lakini si kila mtu anayelalia utitiri hupata mzio. Huyu binti ana kaka mwenye pumu, maana yake damu yao ina mwelekeo huo.

DukaMakorora

Mimi nauza dawa Makorora, na naomba niseme ninachokiona kaunta. Kipimo rahisi ni hiki: mpe setirizini ya milligramu 10 usiku, na akipata nafuu basi ni mzio. Wateja wangu wengi wamejitambua hivyo. Vilevile vile vidonge vya mafua vya kuchanganya husaidia, kwa hiyo sielewi kwa nini kwake havikufanya kazi.

TabibuMstaafu

Ushauri wa setirizini ni mzuri kama dawa, lakini kama kipimo una tundu. Chafya nyingi hupungua zenyewe mtu akibadilisha chumba au mvua ikikatika, na sifa ikaenda kwa kidonge. Tena setirizini hukata chafya, muwasho na kuchuruzika, lakini kwa pua iliyoziba msaada wake ni mdogo. Mgonjwa ambaye shida yake kubwa ni kuziba atasema dawa imeshindwa, nawe utamwambia hana mzio, kumbe anao.

Vile vidonge vya kuchanganya ndivyo vinavyotuvuruga kabisa. Mara nyingi ndani yake kuna parasetamoli, dawa ya kubana mishipa ya pua, na klorofeniramini, ile ya zamani ambayo wengi huiita piritoni. Klorofeniramini inakausha pua ya mwenye mafua na ya mwenye mzio vilevile, na juu ya hapo inalaza usingizi. Ndiyo maana mtu anaweza kunywa vidonge vya mafua kwa miezi, akapata nafuu ya saa chache kila siku, na kuamini kwamba ana mafua sugu. Na mwenye shinikizo la damu asizichukue bila kuuliza, kwa ajili ya hiyo dawa ya kubana mishipa.

BodaDuga

Naunga mkono hilo la usingizi. Mimi ni dereva wa bodaboda, nilikunywa piritoni asubuhi kwa ajili ya chafya, nikajikuta ninasinzia kwenye foleni nikiwa na abiria nyuma. Abiria ndiye aliyeniamsha, tena kwa kofi. Sasa natumia loratadini na sijaona tatizo hilo.

MzeeWaChumbageni

Abiria huyo alistahili kurudishiwa nauli.

BintiRaskazone

Samahani kwa kuingilia, mimi pia nina suala la mzio. Mwanangu ana miaka mitatu, anatoka kamasi zito lenye harufu mbaya, ila upande mmoja tu wa pua, wa kulia. Nimpe setirizini kiasi gani?

BiMkunga

Binti, hilo si la uzi huu, na usimpe setirizini. Mafua na mzio hushika pua zote mbili. Mtoto wa umri huo akitoa kamasi lenye harufu upande mmoja, jambo la kwanza kufikiria ni kwamba ameingiza kitu: punje ya hindi, shanga, kipande cha sifongo. Usijaribu kukichokonoa kwa pini wala kijiti, utakisukuma ndani. Mpeleke leo hospitalini wakamwangalie kwa taa. Na kama ni betri ndogo ya saa au ya toi, usisubiri hata saa moja, kwa sababu inaunguza.

FundiNgamiani

Nashukuru kwa maelezo. Kuna jambo sikulitaja mwanzo kwa sababu sikudhani lina uzito. Pua inapoziba usiku, mke wangu hutia matone ya dukani. Mwanzoni alitia mara moja akalala vizuri. Sasa hutia jioni, usiku wa manane na alfajiri, na bila hayo hapumui kabisa. Kwenye chupa imeandikwa oksimetazolini.

DukaMakorora

Hayo ni matone mazuri, yanauzwa sana. Aendelee nayo mpaka mvua zikatike.

TabibuMstaafu

Hapana, ndugu yangu wa Makorora, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Matone hayo hubana mishipa ya damu ndani ya pua, na pua inafunguka ndani ya dakika chache. Yakitumiwa kwa siku tatu, tano kwa wingi, hayana neno. Yakizidi hapo, mishipa hujifunza kuyategemea: dawa inapoisha nguvu, inavimba kuliko ilivyokuwa mwanzo, mtu anatia tena, na muda wa nafuu unazidi kuwa mfupi. Kwa hiyo mke wa Fundi sasa ana magonjwa mawili ndani ya pua moja. La kwanza ni mzio, wenye chafya na muwasho wa alfajiri. La pili ni kuziba kwa usiku kucha, ambako kumeletwa na tiba yenyewe. Bila kulitoa hili la pili, dawa yoyote ya mzio itaonekana haifai.

Ningefanya hivi. Aanze dawa ya kupulizia puani ya steroidi, kama flutikasoni au bekilometasoni, na wakati huohuo aache matone. Akishindwa kuyaacha mara moja, aache upande mmoja wa pua kwanza, aendelee kutia upande wa pili, na upande ule wa kwanza ukifunguka ndipo aache na wa pili. Siku za mwanzo zitakuwa mbaya, asidanganywe. Kwa kawaida kuziba hupungua ndani ya wiki moja au mbili.

MwalimuPangani

Steroidi? Tabibu, hizo si ndizo zinazomvimbisha mtu uso na kumharibia mifupa? Nisingempa mke wangu dawa hiyo kwa sababu ya chafya.

TabibuMstaafu

Hofu yako ina msingi, Mwalimu, ila umechanganya njia mbili. Vidonge na sindano za steroidi hupita mwili mzima. Dawa ya kupulizia puani ina kiasi kidogo sana, flutikasoni kwa mfano ni mikrogramu 50 kwa mpulizo mmoja, na sehemu kubwa huishia palepale puani. Madhara yanayoonekana zaidi ni ukavu na damu kidogo puani, na hayo mara nyingi hutokana na kupuliza vibaya.

Ngoja nieleze namna ya kupuliza, maana wengi wanaosema dawa imeshindwa hawajawahi kuipata ndani. Apenge kamasi kwanza. Aitikise chupa. Ainamishe kichwa mbele kidogo, asikitupe nyuma. Mkono wa kulia upulize pua ya kushoto, na wa kushoto upulize ya kulia, ili ncha ielekee upande wa sikio badala ya ukuta wa katikati ya pua, kwa sababu ukuta huo ndio unaotoka damu. Avute pumzi polepole, asivute kwa nguvu kama anayenusa ugoro. Akisikia uchungu kooni, ameivuta mno na ameimeza. Mtu mzima anayetumia flutikasoni huanza na mipulizo miwili kila pua mara moja kwa siku, asubuhi. Na aambiwe mapema kwamba haifanyi kazi ya matone: nafuu huanza baada ya siku kadhaa, na nguvu yake kamili inaweza kuchukua wiki mbili.

BiMkunga

Niongeze kitu ambacho hakigharimu fedha. Kabla ya kupuliza, aoshe pua kwa maji ya chumvi. Achemshe maji, ayaache yapoe, atie nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya mililita 250, na aoshe kila pua kwa bomba la sindano lisilo na sindano huku ameinamia beseni. Asitumie maji ya bombani wala ya kisimani bila kuchemsha, kwa sababu vimelea vya maji machafu vikipelekwa juu puani vinaweza kuleta hatari kubwa. Chumvi ikizidi, pua itawaka na hatarudia tena.

Na dawa ikingoja siku zake, nyumba isingoje. Toeni ile mito.

FundiNgamiani

Mama hatakubali kuitoa mito ya marehemu. Je, kuianika juani kila Jumamosi hakutoshi?

TabibuMstaafu

Jua kali linaweza kuwaua utitiri wengi, lakini haliondoi kinyesi chao, na hicho ndicho kinachomuumiza. Kinachokiondoa ni maji. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto sana, yapata nyuzi 60. Usufi wenyewe haufuliki kwa urahisi, na hapo ndipo penye ugumu. Mito ya marehemu si lazima itupwe, inaweza kuhifadhiwa chumba kingine, naye alalie mto unaofulika. Godoro livalishwe kifuniko kinene chenye zipu kinacholizunguka lote. Lakini nisikupe matumaini yaliyozidi: kifuniko peke yake, bila hatua nyingine, mara nyingi hakileti tofauti ambayo mtu mzima ataihisi.

MwalimuPangani

Mimi bado sijashawishika kuhusu utitiri. Fundi, nyumbani kwenu mnafukiza udi? Dada yangu alihangaika na pua mwaka mzima, akapewa dawa zote hizi, kumbe ni udi wa magharibi na moshi wa mkaa. Ulipoachwa, akapona.

FundiNgamiani

Mama hufukiza karibu kila jioni, na chumba chetu kipo jirani na ukumbi.

BiMkunga

Mwalimu ana hoja, na siipuuzi. Moshi, manukato makali na udi vinaweza kuichokoza pua ya mtu asiye na mzio wowote, na pua yenye mzio vikaichokoza maradufu. Ila pua iliyochokozwa na moshi peke yake kwa kawaida huziba na kuchuruzika, muwasho wa macho na kaakaa si mkubwa hivyo, na ingekuwa mbaya jioni wakati wa kufukiza, siyo alfajiri. Nadhani udi unachangia. Sidhani kama ndio chanzo.

MwalimuPangani

Moshi hukaa kwenye mapazia na shuka usiku kucha, Bi Mkunga. Alfajiri bado upo.

TabibuMstaafu

Jambo hilo halitamalizwa kwa kubishana humu. Kama Fundi anataka kujua, abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kwanza mto na shuka kwa wiki mbili huku udi ukiendelea, kisha udi usimame wiki mbili. Akibadilisha vyote siku moja atapata nafuu, lakini hatajua amshukuru nani.

Na kuhusu hatua zinazofuata, kwa ufupi. Mwenye dalili chache, chini ya siku nne kwa wiki, analala vizuri na kazi zake haziharibiki, anatosheka na maji ya chumvi na setirizini au loratadini siku anapohitaji. Anayeumwa karibu kila siku kwa zaidi ya wiki nne, au anayekosa usingizi, aanzie kwenye dawa ya kupulizia, kama mke wa Fundi. Wiki mbili hadi nne zikipita bila nafuu, kabla ya kuongeza dawa mwambie apulize mbele yako, maana kosa huwa mkononi. Kama anapuliza sawasawa, ndipo huongezwa dawa nyingine ya mzio ya kupulizia, kama azelastini. Bado ikishindikana, amwone daktari wa pua na masikio, ambaye anaweza kuagiza kipimo cha mzio kwenye ngozi. Kwa kipimo hicho setirizini huachwa karibu wiki moja kabla, la sivyo ngozi inanyamaza na majibu yanapotosha.

Wakati wowote akianza kukoroma kifua, kukohoa usiku au kubanwa pumzi, asisubiri ngazi hizo. Ukoo una pumu, na pua na kifua ni njia moja.

FundiNgamiani

Narudi na taarifa, wiki ya tatu sasa. Matone ameyaacha kwa njia ya upande mmoja kwanza. Usiku nne za mwanzo zilikuwa za kukaa kitako, na alinilaumu mimi na wote walioandika humu. Kisha upande wa kulia ukafunguka, na wa kushoto ukafuata. Mito imehamia kabatini kwa mama, kwa masharti kwamba nisiiguse. Chafya zimebaki mbili tatu asubuhi, macho bado yanawasha. Udi haujasimama, mazungumzo yanaendelea. Niliona pia damu kidogo puani mwake juzi.

TabibuMstaafu

Damu hiyo inaniambia kwamba ncha imeelekea katikati. Apumzishe dawa siku moja au mbili, kisha aelekeze upande wa sikio. Ikiendelea kutoka, aonwe. Kwa macho, aongeze setirizini usiku. Akikaa mwezi mzima vizuri, ashuke hadi mpulizo mmoja kila pua.

MzeeWaChumbageni

Nimesoma yote, na ninakiri chafya zimepungua. Lakini angalieni kalenda mnayoisifu: wiki hii mvua imekatika na kusi limetulia. Mnajuaje kwamba si upepo?

MkongeAsilia

Au Lushoto. Alikuwa mzima kule kwa sababu ya baridi ya milimani, siyo kwa sababu ya mto.

BiMkunga

Kule kwao analalia godoro la sponji, nimemwuliza Fundi faraghani. Kwa hiyo inaweza kuwa milima, inaweza kuwa sponji.

BodaDuga

Naomba swali la mwisho. Kuna mahali wanachoma sindano moja ya mzio, wanasema unakaa miezi bila chafya. Kwa nini mke wa Fundi ahangaike kupuliza kila siku?

TabibuMstaafu

Kwa sababu sindano hiyo mara nyingi ni steroidi inayokaa mwilini kwa wiki nyingi, ndiyo ile aliyoiogopa Mwalimu, na hapa hofu yake ina haki yote. Inaweza kupandisha sukari na shinikizo la damu, inaweza kudhoofisha tezi zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, na ikishaingia haitoki. Si tiba inayopendekezwa kwa mzio wa pua. Ukiambiwa sindano, uliza jina lake na uandikiwe kwenye karatasi kabla hujakunja mkono wa shati.

BodaDuga

Niliuliza. Wakanijibu kwamba ni ya "mzio", basi.